"Unageuza?" Wiki ya kwanza ya binti wa Lushoto jijini Dar es Salaam

Binti huyu ni mtoto wa dada yangu. Kwa desturi yetu ni mwanangu, nami ananiita mama mdogo. Ameniruhusu nieleze yaliyompata, ila jina lake ameomba nisilitaje. Alikuwa na miaka 19, amemaliza kidato cha nne, na dada alimleta kwangu ajifunze ushonaji kwa fundi mmoja wa Buguruni. Alishuka kwenye basi la Lushoto pale kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, Jumapili ya tarehe 26 Januari 2025. Mkononi alikuwa na begi moja na mfuko wa pea.

Mimi ninaishi Ukonga, upande wa Banana, katika nyumba ya kupanga yenye korido katikati, vyumba vitano vya wapangaji na choo na jiko uani. Nimekaa hapo miaka tisa. Yaliyotokea wiki ile yanaweza kuitwa ushamba, na wapo majirani walioyaita hivyo. Mimi nimeyapitia tena na tena kichwani na sikubaliani nao. Binti hakukosa akili wala macho. Alikuja na adabu ya nyumbani, ile ya mtoto wa kike asiyembishia mkubwa, asiyeuliza mara mbili, anayesema "ndiyo" ili asimchoshe anayemsemesha. Adabu hiyo ilimgharimu mara tatu ndani ya siku nne. Mara ya tatu iliuma kuliko zote.

Nianze na sokoni, ambako hasara ilikuwa ndogo. Jumatano jioni nilimpa shilingi 5,000 aende soko la mtaani kwetu, dakika kumi kwa miguu, alete kisado cha nyanya na vitunguu vya kinachobaki. Kisado ni lile kopo la rangi la lita nne, na jina lenyewe lilitokana na rangi ya Sadolin. Nyanya binti anazijua kuliko mimi. Kwao zinalimwa, zinapangwa kwenye tenga, na mwenye shamba anakuambia mwenyewe zipi zimeguswa na mvua. Basi akasimama mbele ya meza, akaonyeshwa kisado kilichojaa hadi kuwa na kichuguu juu, nyanya nyekundu ngumu, akaambiwa 4,000. Akalipa. Muuzaji akamimina nyanya kwenye mfuko mweusi, akafunga fundo, akampa.

Nyumbani tulipofungua, robo nzima ilikuwa laini, nyingine zimepasuka. Nikamuuliza aliona nini wakati muuzaji anamimina. Akasema aliona kisado kile cha mezani hakikumiminwa. Muuzaji aliinama chini ya meza, akajaza kopo jingine kutoka kwenye tenga lililofunikwa gunia, akamimina hilo. Aliona pia kwamba kopo la pili kitako chake kimebonyea kuingia ndani. Yote aliyaona, akanyamaza. "Niliona kama nitamwambia ni mwizi, mama mdogo."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kazi yangu si kumfundisha nyanya. Kisado cha mezani ni cha maonyesho, kila mwenyeji anajua, na anayenunua ana haki ya kusema "nimiminie hicho hicho" bila mtu yeyote kukasirika. Anaweza pia kugeuza kopo aangalie kitako kabla halijajazwa, au kuchagua mwenyewe moja moja. Ukisema hivyo muuzaji anacheka, anasema "haya dada, chagua," na mwisho unaomba nyongeza na unapewa nyanya mbili tatu. Usiposema, kwake yeye umekubali. Lushoto mtu akikaa kimya mbele ya bidhaa mbaya, muuzaji anaona haya, maana kesho watakutana msibani. Huku muuzaji ana wateja mia kwa siku na sura ya huyu hataikumbuka.

Nilimwambia haya Jumatano usiku, naye akaitikia. Lakini kuitikia ni kitu kimoja na kinywa kufunguka ni kingine, na kesho yake ilikuwa siku ya kwenda kwa fundi.

Kutoka Banana kwenda Buguruni ni safari nyepesi. Unavuka Barabara ya Nyerere, unasimama upande wa magari yanayokwenda mjini, unapanda gari linalopitia Buguruni, unamwambia konda "Buguruni Sheli," unashuka. Nilimweleza hivyo kwa maneno. Kosa langu ni kwamba sikumpeleka kwa miguu, nilikuwa nawahi kazini. Na Jumanne, siku mbili kabla, tulikuwa tumepanda gari pamoja kwenda Gongo la Mboto kununua godoro lake. Kwa hiyo mahali pekee alipowahi kusimama akingoja daladala ni upande wa pili wa barabara, upande wa magari yanayotoka mjini. Kijijini kwao barabara ni moja ya vumbi, gari la kwenda na la kurudi vinasimama chini ya mti ule ule. Isitoshe, Nyerere yote ilikuwa imechimbwa kwa ujenzi wa njia ya mwendokasi, watu wanavuka kwa kukata katikati ya vifusi. Akasimama pale tuliposimama Jumanne.

Gari likaja, mbele limeandikwa Gongo la Mboto na Makumbusho. Nilikuwa nimemtajia gari hilo, kwa kuwa linapita Buguruni. Maandishi yale yana miisho miwili ya njia, hayakuambii gari linaelekea mwisho upi muda huo. Linakoelekea utalijua kwa upande wa barabara lilipo na kwa kinywa cha konda. Akapanda. Konda akamtazama, akamuuliza neno moja: "Unageuza?"

Asiyeishi Dar hawezi kulijua neno hili kwa maana yake ya hapa. Asubuhi magari yanayotoka Gongo la Mboto yanafika Banana yameshajaa, watu wananing'inia mlangoni. Anayetaka kiti anapanda gari linalorudi Gongo la Mboto, likiwa na nafasi, anakaa, linafika mwisho wa njia, linageuza, naye anakuja nalo mjini akiwa ameketi. Analipa nauli ya kwenda na ya kurudi. Huko ndiko kugeuza, na kila asubuhi pale Banana wapo wanaofanya hivyo. Konda aliuliza ili ajue amtoze vipi na asimpigie kelele za kushuka.

Binti hakuelewa. Akasema "ndiyo."

Kuanzia hapo konda alimwacha, maana mtu anayegeuza hana kituo cha kukumbushwa. Gari likapita Ukonga. Kisha konda akaanza kugonga bati na kupaza sauti: "Mombasa! Mombasa wa kushuka!" Kwa mtu wa Banana, Mombasa ni kituo tu, kiko kabla ya kufika Gongo la Mboto. Kwa mtoto aliyekulia Lushoto, ambako Mombasa ni mji wa nchi jirani wenye ndugu wa watu na bidhaa za magendo, jina lile lilimwingia kama maji ya baridi. Alinisimulia kwamba moyo ulimwenda mbio, akatazama abiria wengine, akaona wametulia, naye akatulia. Hakuuliza. Jirani yake kitini alikuwa mama mtu mzima mwenye khanga, mtu ambaye nyumbani angemwamkia na kumuuliza bila woga. Alimwamkia kweli, shikamoo, akaitikiwa marahaba, na maneno yakaishia hapo.

Wakafika mwisho. Watu wakaligombania gari kabla halijasimama, wengine wakirusha mikoba dirishani kushika viti. Konda akapita akikusanya tena: "Nauli, wale wa kugeuza, nauli." Binti alikuwa ameshalipa 600. Alipoona anadaiwa mara ya pili, akaamini anaibiwa, au amefanya kosa linalotozwa faini. Akashuka.

Kiti alichokiacha ndicho kingemfikisha Buguruni. Angetulia na kulipa tena, saa mbili na nusu angekuwa kwa fundi. Jambo hili linanisikitisha hadi leo, kwa kuwa konda hakumtendea ubaya wowote. Aliuliza, akajibiwa, akatenda kama alivyojibiwa.

Alikaa pale kituoni kwa muda wa karibu saa mbili. Aliyemwokoa ni mama mmoja wa vitumbua aliyemwona amesimama muda mrefu bila kupanda gari lolote. Akamuuliza anakwenda wapi, akamwazima simu akanipigia, kisha akamwelekeza gari na kumkabidhi kwa konda kwa mdomo: "Huyu mtoto mshushe Buguruni Sheli, usimpitishe." Kumkabidhi mtu kwa konda ni jambo la kawaida kabisa mjini hapa. Wazee, wagonjwa na watoto wa shule wanasafiri hivyo kila siku, na konda aliyepewa mtu mbele za watu mara nyingi anamshusha vizuri. Angeweza kuliomba mwenyewe tangu Banana, kwa sentensi moja: "Kaka, mimi mgeni, nishushe Buguruni."

Alhamisi usiku alilia kidogo, tukacheka kidogo kuhusu Mombasa, yakaisha. La Jumamosi halikuisha hivyo.

Nyumba yetu ina mita moja ya LUKU. Vyumba vitano, kila kimoja kinatoa 2,000, na kila wiki chumba kimoja kina zamu ya kukusanya na kununua umeme wa 10,000. Jumamosi ile, tarehe 1 Februari, zamu ilikuwa yangu. Nikakusanya pesa, nikampa binti noti ya 10,000 na namba ya mita kwenye karatasi, aende kwa wakala. Akaenda. Wakala akanunua kwa simu yake, akamsomea tarakimu 20 za tokeni, binti akaziandika nyuma ya karatasi ile ile. Risiti hakupewa, naye hakuomba.

Mama wa chumba cha mbele ndiye anayeingiza tokeni siku zote, na ni mtu makini, simlaumu kwa umakini wake. Kabla ya kuingiza alisoma mita: yuniti 1.6. Baada ya kuingiza ikasoma 25.5. Akatoa hesabu hapo hapo: zimeingia 23.9. Wiki tatu zilizotangulia, 10,000 ilikuwa imetupa yuniti 28. Zimepungua yuniti nne na kitu, na kwa bei ya nyumba yetu hiyo ni kama 1,500.

Akamwita binti uani, mbele ya wapangaji watatu. "Mwanangu, umenunua umeme wa shilingi ngapi?"

"Elfu kumi, mama."

"Elfu kumi kweli? Au elfu nane na mia tano?"

Binti akainamisha kichwa. Akaulizwa tena. Akanyamaza. Nilikuwa ndani napika, nikasikia sauti ya kijana wa chumba cha nyuma ikisema watoto wanaokuja kutoka mkoani siku hizi wanakuja wameshaiva. Nilipotoka, binti machozi yanamtiririka na bado hajasema neno. Kwao, mtu mzima akikushutumu mbele za watu, unanyamaza hadi baba au mama aje akusemee. Kujibu ni utovu wa adabu, na ukimya wako hausomwi kama kukiri. Pale uani wote waliusoma kama kukiri. Hata mimi, kwa muda mfupi ninaouonea haya, nilijiuliza.

Nikamshika mkono tukaenda kwa wakala. Wakala akafungua ujumbe wa malipo kwenye simu yake, nao ulikuwa na kila kitu. Kiasi kilicholipwa: 10,000. Kodi ya jengo: 1,500. Yuniti: 23.9.

Kodi ya jengo ilihamishiwa kwenye LUKU mwaka 2021. Mwanzo ilikuwa 12,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida, sawa na 1,000 kila mwezi. Tangu Julai 2023 ni 18,000, sawa na 1,500. Inakatwa mara moja kwa mwezi, katika ununuzi wa kwanza wa mwezi, kabla yuniti hazijahesabiwa. Mwezi ukipita bila mtu kununua umeme, deni linasubiri, na mwezi unaofuata zinakatwa 3,000. Kwa hiyo anayenunua tarehe 1 anaonekana kaleta umeme mdogo, na anayenunua tarehe 8 anaonekana mwaminifu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Nyumba yetu inatumia zaidi ya yuniti 75 kwa mwezi, kwa hiyo hatumo katika bei ya chini ya shilingi 100 kwa yuniti. Yuniti moja kwetu ni 292, na ukiweka VAT pamoja na makato ya REA na EWURA inafika kama 356. Gawanya 10,000 kwa 356 unapata 28. Toa kwanza 1,500 ya kodi, gawanya 8,500 kwa 356, unapata 23.9. Namba ile ile iliyosomwa na mama wa chumba cha mbele, hadi nukta.

Mbona miaka tisa hatukuligundua? Kwa sababu kabla ya 2021 halikuwepo, na baada ya hapo ununuzi wa kwanza wa mwezi ulikuwa unaangukia zamu za watu tofauti, watu wazima wanaoheshimika, na kila ulipopungua tulisema TANESCO wamepandisha. Pesa ikipungua mkononi mwa mtu tunayemjua, tunatafuta sababu kwingine. Safari hii ilipungua mkononi mwa mtu tusiyemjua.

Na hawakumjua kwa kosa langu. Alikuwa na siku sita katika nyumba ile na sikuwa nimempeleka mlango kwa mlango. Kijijini mgeni akifika, jioni ile ile anapelekwa kwa majirani anaamkia, anatajwa ni mtoto wa nani. Mimi niliona ni mambo ya shamba, mjini kila mtu na lake. Nilikosea. Katika nyumba ya korido moja, choo kimoja na mita moja, watu wanahitaji kujuana kuliko hata kijijini, ambako kila mtu ana uwanja wake. Kwa mjumbe pia sikuwa nimempeleka, wala ofisi ya serikali ya mtaa kuandikishwa kama mkazi mpya. Endapo jambo lingefika huko, binti asingekuwa na mtu wa kumtambua isipokuwa mimi.

Nilimwomba wakala anitumie ujumbe ule kwenye simu yangu, tukarudi, nikamwambia binti ausome mwenyewe kwa sauti uani, mbele ya wale wale. Sikutaka nimsemee. Alisoma sauti ikitetemeka, mstari kwa mstari, hadi yuniti. Mama wa chumba cha mbele akaomba simu, akasoma naye, akakaa kimya. Kisha akasema, "Mwanangu, nisamehe. Lakini mbona hukusema?" Binti akajibu kwamba alidhani akisema atakuwa anabishana na mkubwa. Yule kijana wa chumba cha nyuma aliingia kwake bila kusema kitu, na hadi leo hajasema.

Likabaki suala la nani alipe. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo, mpangaji anailipa tu kwa sababu ndiye anayenunua umeme. Nilimpigia mwenye nyumba, anayeishi Chanika, nikamweleza kwamba tangu Julai 2023 tumemlipia 1,500 kila mwezi na kabla ya hapo 1,000. Hakukataa kwamba ni yake. Alisema tutaongea wakati wa kulipa kodi ya pango ya miezi sita, na kwamba ya nyuma tusahau. Wapangaji wawili walitaka kugombana naye. Mimi niliona tukubali ya mbele yakatwe kwenye kodi ya pango, yaani 9,000 kwa kila miezi sita, tugawane vyumba vitano, na yaandikwe. Ya nyuma hatuna risiti hata moja.

Sasa kuna daftari limening'inizwa kwa kamba kando ya mita. Lina tarehe, kiasi, kodi ya jengo, yuniti kabla na yuniti baada. Kuliandika amepewa binti, kwa pendekezo la mama wa chumba cha mbele. Jumamosi ya tarehe 1 Machi zamu ilikuwa ya chumba cha nyuma. Kijana alirudi kutoka kwa wakala na tokeni, ikaingizwa, nikamsikia binti akimuuliza kwa sauti ya kawaida: "Kaka, ujumbe wa malipo uko wapi? Nataka kuandika ile elfu moja na mia tano." Akampa simu.